Wawili wa mwisho hawapangiki: jibu kwa aliyekwama kwenye fumbo la umri

"Mwalimu, assalaam alaykum. Najitayarisha kwa usaili wa kazi na kila mara nakwama kwenye mafumbo ya kupanga watu. Hili limenikosesha alama. Watoto saba wa nyumba moja Wete, hakuna pacha. Mize ni mdogo kwa Faki lakini mkubwa kwa Kombo. Baina ya Mize na Salim, kwa umri, wamo watoto wawili. Raya ni mdogo kuliko Kombo, na pia kuliko Zuwena. Hamad ni mrefu kuliko Salim lakini kwa umri hakumzidi. Anayemfuatia Zuwena kwa udogo, bila ya mtu kati, ni Salim. Zuwena si mkubwa kuliko wote. Nani wa nne ukihesabu kutoka kwa mkubwa? Majibu ya kuchagua yalikuwa Faki, Hamad, Zuwena, au haiwezi kujulikana. Mimi nilijaribu kumweka Mize wa pili, kila kitu kikakaa isipokuwa Raya na Hamad, ambao niliweza kuwageuza vyovyote. Nikachagua 'haiwezi kujulikana'. Tena kauli ya mwisho sikuitumia kabisa. Nimekosea wapi?"
Msomaji, Wete

Waalaykum salaam, mwanangu. Jibu ni Zuwena. Watano wako wa mwanzo uliwapanga sawasawa, na Raya na Hamad kweli hawapangiki: fumbo lenyewe halikutoa habari ya kuwatenganisha. Makosa yako ni mawili, na yote mawili yamo ndani ya maelezo yako. La kwanza, umeona mpangilio mzima haujulikani ukadhani na jibu la swali halijulikani. Swali liliuliza wa nne tu, na katika mipangilio yako yote miwili wa nne alikuwa mtu yule yule. La pili ni kubwa zaidi. Ulipomweka Mize wa pili ulikuwa unakisia. Ulikisia pazuri, na kwa kuwa ulikisia pazuri, kauli ya mwisho ikaonekana haina kazi, wakati ndiyo iliyolibeba fumbo lote.

Wengi wanaokwama kwenye mafumbo haya huanza kama ulivyoanza: wanapiga mstari wenye nafasi saba na kuanza kuwaweka watu juu yake. Mstari unataka kila mtu awe na mahali pake, na vidokezo vya mwanzo havisemi mahali pa mtu. "Mize ni mdogo kwa Faki" inasema Faki yuko juu ya Mize mahali fulani, labda jirani yake, labda mbali naye kwa watu wanne. Mara tu unapoliandika jina la Mize kwenye nafasi ya pili, umelipa fumbo habari ambayo halikukupa, na baada ya hapo huwezi tena kutofautisha kilichosemwa na ulichokiongeza mwenyewe.

Kwa hiyo acha mstari kwanza. Andika nani yuko juu ya nani, na usiandike zaidi ya hapo. Nitatumia alama ya > kumaanisha "ni mkubwa kwa umri kuliko".

Faki > Mize > Kombo > Raya
Zuwena > Raya
Zuwena > Salim > Hamad

Mstari wa kwanza umetoka kwenye kidokezo cha kwanza, ukaunganishwa na nusu ya kidokezo cha Raya. Wa pili ni nusu yake ya pili. Wa tatu umeunganisha Zuwena na Salim, halafu Salim na Hamad. Pembeni andika mambo mawili ambayo alama hii haiwezi kuyabeba: kwamba Zuwena na Salim ni jirani, na kwamba baina ya Mize na Salim wamo wawili bila kuambiwa nani kati yao ni mkubwa.

Sasa tazama minyororo hii na ujiulize jambo moja: nani hana mtu juu yake? Mize anaye Faki. Kombo anaye Mize. Raya anao wengi. Salim anaye Zuwena, Hamad anaye Salim. Wasio na mtu juu yao ni wawili tu, Faki na Zuwena, na mkubwa kuliko wote lazima atoke kwa hao wawili. Hapo ndipo kauli ya mwisho inapofanya kazi yake. Ukiisoma peke yake, "Zuwena si mkubwa kuliko wote" ni dhaifu mno, inamwondoa mtu mmoja kwenye nafasi moja. Ukiisoma juu ya minyororo hii inakuwa kauli nyengine: Faki ndiye mkubwa kuliko wote. Umeshapata nafasi moja kwa uhakika, na hujakisia kitu.

Kwa kawaida kidokezo cha "si wa kwanza" au "si wa mwisho" hakiandikwi kwa kujaza karatasi. Mtunzi wa fumbo huongeza kauli ya aina hiyo baada ya kugundua kwamba bila yake lina majibu zaidi ya alivyotaka. Ukifika mwisho na ukakuta kidokezo kimoja hukukigusa, usishangilie kwamba umetatua kwa njia ya mkato. Rudi utafute ni wapi ulichukua hatua ambayo kidokezo hicho ndicho kilichopaswa kukuruhusu.

Tuendelee. Hatua inayofuata ni kuhesabu, na ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haitaki kipaji chochote. Kwa kila mtoto, hesabu wangapi lazima wawe juu yake na wangapi lazima wawe chini yake. Aliye na watu wawili wa lazima juu yake hawezi kuwa mapema kuliko nafasi ya tatu. Aliye na mmoja wa lazima chini yake hawezi kuwa wa saba. Kwa hesabu hiyo kila mtoto anapata mipaka yake.

Mchukue Mize. Juu yake yuko Faki, kwa hiyo mapema kabisa ni wa pili. Chini yake wako Kombo na Raya, kwa hiyo mwisho kabisa ni wa tano. Mipaka yake ni 2 hadi 5. Kombo ana Faki na Mize juu, Raya chini, basi ni 3 hadi 6. Raya ana wanne juu yake, Faki, Mize, Kombo na Zuwena, na hana mtu wa lazima chini, basi ni 5 hadi 7.

Zuwena sasa ana Faki juu yake, maana tumeshajua Faki ni wa kwanza. Chini yake wako watatu: Raya, Salim na Hamad. Mipaka yake ni 2 hadi 4. Salim anamfuata Zuwena bila ya mtu kati, kwa hiyo mipaka yake ni ile ile ya Zuwena ikisogezwa hatua moja: 3 hadi 5. Hamad yuko chini ya Faki, Zuwena na Salim, kwa hiyo ni 4 hadi 7.

Faki: 1
Mize: 2 hadi 5
Zuwena: 2 hadi 4
Kombo: 3 hadi 6
Salim: 3 hadi 5
Hamad: 4 hadi 7
Raya: 5 hadi 7

Ni sasa tu ndipo ninapokichukua kile kidokezo cha watoto wawili baina ya Mize na Salim. Wewe ulianza nacho, na naelewa kwa nini: ndicho kidokezo chenye namba, kinaonekana kimeshiba. Lakini kinaposomwa mwanzoni kinaacha milango mingi wazi, na kinaposomwa juu ya mipaka kinafunga yote isipokuwa mmoja. Wawili wakiwa kati, tofauti ya nafasi zao ni tatu. Salim anaweza kuwa wa 3, wa 4 au wa 5. Akiwa wa 3, Mize angetakiwa awe nafasi ya sifuri, ambayo haipo, au ya 6, ambayo iko nje ya mipaka yake. Akiwa wa 4, Mize angekuwa wa 1 au wa 7, na zote mbili ziko nje. Akiwa wa 5, Mize ni wa 2 au wa 8. Nafasi ya 8 haipo. Imebaki ya 2, nayo imo ndani ya mipaka yake.

Basi Mize ni wa pili, Salim wa tano, na Zuwena, kwa kuwa yuko juu ya Salim bila ya mtu kati, ni wa nne. Ukitaka unaweza kuiweka kalamu chini, maana swali limekwisha. Lakini tumalizie ili uone Kombo anavyopatikana. Zimebaki nafasi ya 3, ya 6 na ya 7, kwa Kombo, Raya na Hamad. Raya hawezi kuwa wa 3, mipaka yake inaanzia 5. Hamad hawezi, mipaka yake inaanzia 4. Wa tatu ni Kombo. Fumbo halikumlinganisha Kombo na Zuwena hata mara moja, wala Kombo na Salim, na hata hivyo tunajua kwa yakini kwamba Kombo ni mkubwa kuliko wote wawili. Habari hiyo imetokana na hesabu: nafasi ya tatu lazima ipate mtu, na wengine wote hawaingii.

Raya na Hamad wanagawana ya 6 na ya 7, na hapo vidokezo vimekwisha. Mipangilio inayokubalika ni miwili:

Faki, Mize, Kombo, Zuwena, Salim, Raya, Hamad
Faki, Mize, Kombo, Zuwena, Salim, Hamad, Raya

Sasa nataka uone kilichokuwa kimejificha ulipokisia. Liondoe fumbo kauli ya mwisho, ile usiyoitumia, uanze upya. Zuwena sasa anaruhusiwa kuwa wa kwanza, kwa hiyo mipaka yake ni 1 hadi 4, na ya Salim ni 2 hadi 5. Salim akiwa wa 2, Mize anaweza kuwa wa 5, na tofauti ni tatu ile ile. Kombo anakuwa wa 6, Raya wa 7, na Faki na Hamad wanagawana nafasi ya 3 na ya 4:

Zuwena, Salim, Faki, Hamad, Mize, Kombo, Raya
Zuwena, Salim, Hamad, Faki, Mize, Kombo, Raya

Pitia vidokezo vitano vya mwanzo kimoja kimoja, vyote vinatimia. Na wa nne hapa ni Hamad au Faki. Kwa hiyo bila ya kauli ya mwisho, "haiwezi kujulikana" lingekuwa jibu sahihi, na majina ya Faki na Hamad kwenye majibu ya kuchagua hayakuwekwa kwa bahati. Mtunzi aliyaweka kwa ajili ya anayesahau kidokezo hicho na kuangukia upande huu wa pili. Wewe uliangukia upande wa kwanza, ukapata mpangilio uliotimia, ukaridhika. Mpangilio mmoja kutimia hauthibitishi kwamba hakuna mwengine.

Ukipenda kuona kila kidokezo kinabeba uzito gani, hesabu mipangilio inayobaki. Watu saba wanapangika kwa njia 5040. Vidokezo vya kulinganisha tu, yaani Faki, Mize na Kombo, kisha Raya, kisha Salim na Hamad, vinaziteremsha hadi 84. Kidokezo cha wawili baina ya Mize na Salim kinazifikisha 20. Kidokezo cha ujirani wa Zuwena na Salim kinaziacha 4, ambazo ndizo nilizokuandikia zote hapa juu. Kauli ya mwisho inaziacha 2. Hakuna anayekutaka uhesabu hivi ndani ya chumba cha usaili. Nimekuonyesha ili ujue kwamba kidokezo kinachogusa nafasi, kama cha ujirani au cha umbali, kwa kawaida hukata zaidi kuliko "huyu ni mkubwa kuliko yule", ila kinahitaji mipaka iwe tayari ili ukitumie bila kutangatanga.

Utajuaje basi, ukiwa na mpangilio mkononi, kama ndio pekee? Ipo njia moja ya haraka: chukua kila jozi ya majirani, wageuze, uone kama kuna kidokezo kinachovunjika. Katika mpangilio wetu, wageuze Faki na Mize: kidokezo cha kwanza kinavunjika. Mize na Kombo: hicho hicho. Kombo na Zuwena: Zuwena anakuwa wa tatu na Salim bado wa tano, ujirani umevunjika. Zuwena na Salim: wa nne sasa ni Salim, na Zuwena amekuwa mdogo kwake. Salim na Raya: ujirani tena. Raya na Hamad: hakuna kilichovunjika. Hiyo ndiyo jozi iliyo huru.

Kipimo hiki ni kizuri lakini kina mpaka wake, na mpaka huo haufundishwi inavyostahiki. Vidokezo vyote vikiwa vya kulinganisha tu, bila ya umbali wala ujirani wala "si wa kwanza", kipimo ni kamili: ukigeuza kila jozi ya majirani na kila mara kidokezo kikavunjika, mpangilio ni mmoja tu. Maana yake pia ni kwamba fumbo la aina hiyo likiwa na watu saba na mpangilio mmoja, lazima majirani wote sita wawe wamelinganishwa moja kwa moja na kidokezo fulani. Ukihesabu ulinganisho ukapata chini ya sita, usipoteze dakika kutafuta mpangilio mzima, haupo.

Vikiingia vidokezo vya umbali au ujirani, kipimo hakitoshi tena. Angalia ile mipangilio minne ya fumbo lisilo na kauli ya mwisho. Kutoka mpangilio wa kwanza unaweza kugeuza Raya na Hamad ukapata wa pili. Lakini huwezi kufika kwa Zuwena na Salim walioko kileleni kwa kugeuza jozi moja ya majirani, hata ujaribu zote. Ungegeuza jozi zote sita, ungepata jozi moja tu iliyo huru, ungejiona umemaliza, na mipangilio miwili mizima ingekuwa bado iko upande wa pili kama kisiwa kisicho na daraja. Kwa mafumbo haya mchanganyiko hakuna badala ya kuhesabu mipaka kwanza, halafu kukipitisha kidokezo cha umbali katika kila nafasi inayoruhusiwa, hata zile zinazoonekana haziwezekani.

Na mipaka isipotosha kubakisha nafasi moja? Hutokea. Hapo ndipo unapogawa kesi, lakini gawa pale palipo pembamba. Tafuta mtu mwenye nafasi mbili tu zinazowezekana, fuata ya kwanza mpaka ikamilike au igonge ukuta, halafu, na hili ndilo ambalo wengi hawalifanyi, fuata na ya pili hata kama ya kwanza imekamilika vizuri. Tofauti ya kugawa kesi na kukisia ni hiyo tu. Wewe ulifuata kesi ya Mize wa pili na hukurudi kuitazama ya Mize wa tatu, wa nne na wa tano. Ungerudi, wa tano angekupeleka kwa Zuwena wa kwanza, na hapo hapo ungekutana na kauli ya mwisho ikikuzuia.

Nimeona hukuniuliza kuhusu urefu wa Hamad, nadhani kwa sababu uliuruka, na ulifanya vyema. Lakini nieleze kwa nini umewekwa. "Hamad ni mrefu kuliko Salim" ni kweli na haina kazi, kwa sababu tunapanga umri. Msomaji mwenye haraka huona "Hamad" na "kuliko Salim", akaandika Hamad > Salim. Akishaandika hivyo na bado akaandika nusu ya pili, atapata Hamad juu ya Salim na Salim juu ya Hamad, mnyororo unaojirudia. Mnyororo ukirudi ulikotoka, usilaumu fumbo, umesoma kidokezo kimoja kinyume. Hatari zaidi ni yule anayeandika nusu ya kwanza na kuisahau ya pili, kwa sababu yeye hapati mgongano wowote. Anapata fumbo jengine lenye mipangilio mingine, kwa mfano Faki, Hamad, Mize, Kombo, Zuwena, Salim, Raya, na mwengine ambao Zuwena ni wa nne. Naye atachagua "haiwezi kujulikana" kwa moyo mkunjufu. Kila kidokezo chenye sifa mbili, kigawe vipande viwili kwenye karatasi, ukikate kile kisicho cha swali.

Kauli ya "hakumzidi" nayo inataka uangalifu. Peke yake ina maana Hamad ni mdogo kwa Salim au wako sawa. Niliandika Salim > Hamad bila kusita kwa sababu fumbo limesema hakuna pacha, na tumechukulia kwamba hakuna wawili wenye umri mmoja. Kama lingekuwa fumbo la vyeo vya mtihani wa skuli, ambapo wawili wanaweza kufungana alama, ungehitaji kuiacha kama ilivyo. Vivyo hivyo "si mkubwa kuliko wote" haimfanyi mtu kuwa mdogo kuliko wote, wala haimweki karibu na mwisho. Zuwena wetu si mkubwa kuliko wote, na yuko katikati kabisa.

Kuhusu kuhesabu kutoka upande wa pili, ambako najua vijana wengi hupoteza alama: katika watu saba, wa tatu kutoka kwa mdogo ni wa tano kutoka kwa mkubwa. Unachukua idadi ya watu, unaongeza moja, unatoa nafasi uliyopewa: 7 + 1 - 3 = 5. Ile moja inaongezwa kwa sababu mtu mwenyewe anahesabiwa pande zote mbili. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiambiwa ngalawa fulani ilikuwa ya tatu kutoka mbele na ya tano kutoka nyuma, ngalawa zote ni saba, si nane. Na mashindano na mitihani yana mtego wao: mwenye nafasi ya juu ana namba ndogo. "Alimzidi kwa nafasi mbili" maana yake namba yake ni ndogo kwa mbili, na baina yao yuko mtu mmoja tu. Tofauti ya nafasi na idadi ya watu walio kati hupishana kwa moja daima, na kwenye fumbo lako tofauti ya tatu ilitokana na watu wawili. Mtu aliyesoma "wawili baina yao" akaweka tofauti ya mbili angeweza kumpata Salim wa 4 na Mize wa 2, Zuwena angekuwa wa 3, na asingeona mgongano wowote mpaka mwisho.

Imebaki ile jozi iliyokusumbua. Kama swali lingekuwa "nani mdogo kuliko wote?", basi "haiwezi kujulikana" ndilo lingekuwa jibu, na ungelichagua kwa haki. Kama lingekuwa "nani kati ya hawa hawezi kuwa wa sita?", jibu lingekuwa yeyote isipokuwa Raya na Hamad. Neno la kulitazama kwenye swali ni kama linataka kilicho lazima, kinachowezekana au kisichowezekana. Kilicho lazima kinatakiwa kiwe kweli katika mipangilio yote iliyobaki. Kinachowezekana kinatosha kuwa kweli katika mmoja. Ukiwa na mipangilio yako miwili iliyoandikwa ubavuni mwa karatasi, unajibu aina zote tatu kwa kutupa jicho, bila kurudi kwenye vidokezo.

Na ukitaka kulikamilisha fumbo lako ili libaki na mpangilio mmoja, linahitaji kauli moja zaidi, lakini si kila kauli inafaa. "Hamad ni mdogo kwa Kombo" haiongezi kitu, maana ni kweli katika mipangilio yote miwili. "Hamad na Raya wamefuatana" nayo ni kweli katika yote miwili. "Raya si kitinda mimba" inatosha. Inatosha pia "baina ya Zuwena na Raya yuko mmoja tu", kwa sababu inamweka Raya wa sita na Hamad hana pengine pa kwenda. Jaribu na hii nyengine: "baina ya Mize na Hamad wamo wanne." Mize ni wa pili, ongeza tano, umempata Hamad.